Deni kwa mtaji: jinsi ya kuusoma uwiano huu kwenye mizania, hatua kwa hatua

Miaka ile nilipokuwa kwenye dawati la mikopo ya biashara, mzee mmoja mwenye kiwanda cha kukamua alizeti Singida alikuja na faili lake la bluu. Baada ya salamu akatoa kurasa nne zilizopigwa muhuri wa mkaguzi, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina deni la kutisha. Mhasibu wangu kapiga hesabu, ni moja nukta moja nne."

Nikazipiga upya mwenyewe, nikapata 1.6. Mwenzangu wa meza ya jirani akapata 1.57. Mkuu wetu wa kitengo alipozipitia jioni akasema ni 1.0 kamili. Mizania ni ileile, kampuni ni ileile, na hakuna aliyekosea kugawanya. Mwongozo huu unaeleza tofauti hizo zinatoka wapi, kwa sababu ndiko uwiano huu unakofundisha zaidi. Nitatumia mfano wa kiwanda hicho, tarakimu nimezibadilisha ili hesabu iwe nyepesi.

Hatua ya kwanza: fungua ukurasa sahihi

Kampuni inapata fedha zake kwa watu wa aina mbili tu. Kuna wanaoidai, ambao watataka chao biashara ikiwa nzuri au mbaya, na kuna wenye kampuni, ambao wanapata kinachobaki baada ya wengine wote kulipwa. Uwiano wa deni kwa mtaji unauliza: kwa kila shilingi ya wenye kampuni iliyomo humu ndani, wadai wameweka shilingi ngapi?

Jibu liko kwenye mizania. Ripoti nyingi za kampuni za Tanzania na Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta ukurasa wenye kichwa `Statement of financial position`. Kabla hujagusa kikokotoo angalia vitu viwili juu ya safu za tarakimu. Cha kwanza ni kipimo: mara nyingi utakuta `Shs '000` au `Shs million`, na ukichanganya ripoti mbili zenye vipimo tofauti utapata vichekesho. Cha pili ni kama kuna safu ya `Group` na safu ya `Company`. Safu ya kwanza inajumlisha kampuni tanzu zote, ya pili ni kampuni mama peke yake. Kampuni mama inaweza kuonekana safi kabisa huku madeni yote yamekaa kwa watoto wake. Kwa kawaida tumia safu ya kundi zima.

Mizania ya mzee, kwa mamilioni ya shilingi, tarehe 31 Desemba, ilikuwa hivi:

| Mali | |
|---|---|
| Majengo, kiwanja na mashine | 5,200 |
| Alizeti na mafuta ghalani | 2,600 |
| Wateja wanaodaiwa | 900 |
| Fedha benki | 300 |
| Jumla | 9,000 |

| Zilikotoka fedha | |
|---|---|
| Mkopo wa benki, sehemu ya muda mrefu | 2,400 |
| Mkopo huohuo, sehemu ya kulipwa mwaka ujao | 600 |
| Ovadrafti, yaani fedha zilizochotwa benki kupita salio | 1,000 |
| Mkopo kutoka kwa mkurugenzi, bila riba | 500 |
| Wakulima na wauzaji wanaotudai | 900 |
| Kodi isiyolipwa | 100 |
| Mtaji wa hisa | 1,000 |
| Faida iliyolimbikizwa | 1,500 |
| Akiba ya tathmini upya | 1,000 |
| Jumla | 9,000 |

Hatua ya pili: pata mtaji, kisha uukague

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo mtaji wa wenye kampuni: 1,000 na 1,500 na 1,000, jumla 3,500. Kwenye ripoti mstari huo unaitwa `Total equity`, au `Total shareholders' funds`.

Hapa neno letu linaweza kupotosha. Mtaani mtaji ni zile fedha ulizoanzia biashara. Kwenye mizania mtaji ni baki: chukua mali zote, toa madeni yote, kinachobaki ndicho hicho. Haina maana kwamba kuna fedha mahali zimehifadhiwa. Mzee huyu ana mtaji wa milioni 3,500 na benki ana milioni 300 tu, kwa sababu mtaji wake umesimama kama kuta, mashine na magunia.

Sasa angalia ile akiba ya tathmini upya. Nilimuuliza, "Mzee wangu, hiki kiwanja kilithaminiwa lini?" Akajibu kwa fahari kwamba mthamini alikuja miezi michache iliyopita na kukuta thamani imepanda kwa milioni 1,000. Hapo ndipo ilipotoka akiba hiyo. Hakuna shilingi iliyoingia kiwandani; ni kalamu tu iliyopandisha thamani upande wa mali na mtaji upande wa pili. Tathmini yenyewe inaruhusiwa na viwango vya hesabu na mara nyingi ni ya kweli. Lakini ikifanyika miezi mitatu kabla ya kuomba mkopo, iweke pembeni kwanza uone uwiano bila yake. Mtaji unakuwa 2,500.

Kinyume chake nacho hutokea. Kampuni kongwe yenye kiwanja cha mjini kilichobaki vitabuni kwa bei ya miaka arobaini iliyopita ina mtaji mkubwa kuliko unaoonekana, na uwiano wake unaonekana mbaya kuliko ulivyo.

Hatua ya tatu: amua deni ni nini

Hapa ndipo watu wanapotofautiana zaidi, na ndiyo sababu usiupokee uwiano uliopigwa na mtu mwingine bila kumuuliza alichojumlisha.

Wapo wanaochukua madeni yote yaliyo kwenye mizania. Kwa mzee ni 5,500, na 5,500 kwa 3,500 ni 1.57. Ndiyo hesabu ya mwenzangu. Haina ubishi kwa kuwa huhitaji kuchagua chochote, ila inamweka mkulima aliyeleta alizeti kwa ahadi ya kulipwa wiki ijayo kwenye kapu moja na benki yenye hati ya kiwanja.

Wengine, nami nikiwamo, wanachukua madeni yenye riba tu, kwa sababu swali letu ni jinsi kampuni inavyojigharimia, na deni la wauzaji huja na kuondoka na biashara yenyewe. Mkopo 2,400, sehemu ya mwaka ujao 600, ovadrafti 1,000, jumla 4,000. Gawanya kwa 3,500, unapata 1.14 ya mhasibu. Gawanya kwa 2,500, baada ya kuondoa tathmini, unapata 1.6 yangu.

Kosa la kila siku hapa ni kuchukua mstari wa mkopo wa muda mrefu pekee. Neno `Borrowings` hutokea mara mbili kwenye mizania, mara moja kwenye madeni ya muda mrefu na mara nyingine kwenye ya muda mfupi. Anayesoma haraka anaona ya kwanza anafunga kitabu. Hapa angepata 2,400 kwa 3,500, yaani 0.69, na angelala usingizi mzito bila sababu.

Tazama pia mstari wa `Lease liabilities`. Tangu Januari 2019, kiwango cha kimataifa cha hesabu kinachoitwa IFRS 16 kinaitaka kampuni inayokodi jengo, ndege au malori kwa muda mrefu iandike malipo ya kukodi ya miaka ijayo kama deni. Duka kubwa lenye matawi mengi ya kukodi liliweza kuonekana limelemewa na madeni mwaka ule bila kukopa senti. Ukilinganisha ripoti ya 2018 na ya 2019 bila kujua hili, utatunga hadithi ambayo haikutokea.

Inabaki milioni 500 ya mkurugenzi. Mzee alikuwa ameitoa mfukoni mwake, haina riba, haina tarehe ya kurudishwa. Kisheria ni deni. Kiuhalisia ni fedha ya mwenye mali iliyovaa kanzu ya mdai. Mkuu wetu aliiongeza kwenye mtaji: 4,000 kwa 4,000, ndiyo 1.0 yake. Benki hufanya hivyo kwa sharti moja, kwamba mkurugenzi asaini makubaliano kuwa hatajilipa kabla ya benki kumaliza kulipwa. Bila saini hiyo, mkopo wa benki ukiingia leo, kesho anaweza kujirudishia milioni 500 zake na kutuachia magunia.

Jambo hilohilo hutokea kwa kiwango kikubwa zaidi. Kampuni ya nje inapofungua kampuni tanzu Tanzania, mara nyingi huona afadhali kuikopesha kuliko kununua hisa zake, kwa kuwa riba hupunguza faida inayotozwa kodi na gawio halipunguzi. Ndiyo maana sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania imeweka kikomo kwa kampuni zinazomilikiwa na wageni wa aina hiyo: riba inayokubalika ni ya deni lisilozidi sehemu 7 kwa 3 za mtaji, karibu 2.33. Kenya nayo ilikuwa na kikomo cha 3 kwa 1, ikakiacha mwaka 2022 na kuanza kupima riba dhidi ya faida ya kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kwa hiyo ukikuta kampuni tanzu ya kampuni ya kigeni ina uwiano uliokaa chini kidogo tu ya 2.33 mwaka baada ya mwaka, unajua aliyeupanga ni mshauri wa kodi.

Hatua ya nne: gawanya, useme kwa maneno

```
uwiano = deni lenye riba / mtaji wa wanahisa
       = 4,000 / 3,500
       = 1.14
```

Tafsiri yake: kwa kila shilingi 100 za wenye kiwanda, wakopeshaji wana shilingi 114. Ukiandika kwenye daftari lako, andika na namna ulivyopata juu na chini ya mstari, kwa sababu mwakani utasahau.

Je, 1.14 ni nyingi? Tarakimu peke yake haisemi. Kampuni ya umeme au ya bomba, yenye mapato yanayotabirika, hubeba zaidi bila shida. Kiwanda cha mafuta ya kula kinachotegemea mvua za Singida na bei ya mawese kutoka nje kingefaa kubeba kidogo. Benki ziache kabisa nje ya kipimo hiki: amana za wateja ni madeni yake, kwa hiyo madeni mara tano, sita au hata zaidi ya mtaji ni hali ya kawaida kwake, na wasimamizi huzipima kwa kanuni zao za utoshelevu wa mtaji.

Njia rahisi ya kujua kama deni linabebeka ni kulipima kwa riba yake. Tuseme riba ni asilimia 15: milioni 4,000 zinazaa riba ya milioni 600 kwa mwaka. Kiwanda kilipata faida ya milioni 1,100 kabla ya riba. Faida inaifunika riba mara 1.8. Inatosha, lakini msimu mmoja wa hovyo unaimaliza.

Hatua ya tano: uvunje makusudi

Hatua hii wengi huiruka, na mimi naithamini kuliko zote. Chukua mwaka mbaya wa kawaida, siyo wa balaa, uuone uwiano utakavyokwenda.

Mawese ya nje yameshuka bei, mafuta ya alizeti yamekaa ghalani, na badala ya faida ya 1,100 kiwanda kimepata hasara ya 200 kabla ya riba. Riba ya 600 iko palepale. Hasara ya mwaka ni 800.

Hasara inakula mtaji: 3,500 unakuwa 2,700. Hata deni lisipoongezeka, uwiano umepanda hadi 1.48. Lakini deni litaongezeka, kwa sababu mishahara na riba zimelipwa na fedha zimetoka mahali fulani. Tuseme pengo lote limezibwa na ovadrafti. Deni sasa ni 4,800, na 4,800 kwa 2,700 ni 1.78.

Tazama kilichotokea. Deni limepanda kwa asilimia 20 tu, uwiano umeruka kutoka 1.14 hadi 1.78, kwa sababu juu ya mstari kumepanda na chini kumeshuka kwa wakati mmoja. Tuseme mkataba wa mkopo una sharti kwamba uwiano usizidi 1.5. Mwaka mmoja tu wa bei mbaya, na benki ina haki ya kudai mkopo wote kwa mkupuo. Hapo ile sehemu ya muda mrefu ya 2,400 hugeuka kuwa deni la kulipwa sasa, na kwenye mizania inahamia ya muda mfupi.

Kwa sababu hiyo, uwiano ukipanda, usiseme haraka kwamba kampuni imekopa sana. Weka mizania mbili kando kwa kando uone kilichosogea. Deni likiwa limepanda na mashine mpya zimeonekana upande wa mali, hiyo ni kampuni inayojenga. Deni likiwa limepanda na hakuna kilichoongezeka ila hasara, kampuni inakopa ili ile.

Angalia na tarehe. Alizeti huvunwa katikati ya mwaka, na msimu huo mzee anavuta ovadrafti hadi 2,500 ili anunue mbegu taslimu kwa wakulima. Mizania ya 30 Juni ingeonyesha deni la 5,500 na uwiano wa 1.57. Anafunga hesabu Desemba, ghala limeshauza na ovadrafti imeshushwa. Hajadanganya mtu, ila 1.14 ni picha ya siku yake bora. Kwa biashara yoyote ya msimu, omba taarifa za akaunti za miezi 12, uone ovadrafti ilifika wapi ilipokuwa juu kabisa.

Mtaji ukiwa hasi

Mfano wa wazi zaidi Afrika Mashariki ni Kenya Airways. Mwaka 2012 shirika liliwaomba wanahisa fedha mpya kwa kuwauzia hisa za nyongeza, likilenga shilingi za Kenya zaidi ya bilioni 20. Likapata bilioni 14.5 hivi. Mpango wa kupanua safari na kununua ndege mpya haukupunguzwa kwa kipimo hicho, na pengo likabebwa na mikopo, mingi yake ya dola. Kisha yakaja mashambulizi ya Westgate ya 2013, Ebola Afrika Magharibi 2014, na hasara za mikataba ya kufunga bei ya mafuta. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2.

Hasara ya kwanza ilitosha kuumaliza mtaji wote na kuupeleka chini ya sifuri. Hapo uwiano wetu unavunjika. Gawanya deni kwa mtaji hasi, unapata tarakimu yenye alama ya kutoa, na kikokotoo hakitakuonya. Nimewahi kuona jedwali ambalo mtu alipanga kampuni kuanzia yenye uwiano mdogo hadi mkubwa, na iliyofilisika mtaji ikakaa juu kabisa kama ndiyo salama kuliko zote. Mtaji ukiwa hasi, usiandike uwiano. Andika "mtaji hasi" na kiasi chake.

Tiba iliyotumika Novemba 2017 inaeleza kitu ambacho uwiano wenyewe unakificha, yaani kwamba mdai na mwenye mali wanaweza kubadilishana viti. Mikopo ya serikali na ya benki za Kenya iligeuzwa kuwa hisa. Serikali ikapanda hadi asilimia 48.9, benki zikapata 38.1, na KLM, shirika la ndege la Uholanzi lililokuwa na zaidi ya robo, ikashuka hadi 7.8. Mwanahisa wa kawaida aliyenunua hisa zake sokoni Nairobi hakuuza hata moja, lakini fungu lake la shirika likasagika. Mtu aliyekuwa akiufuatilia mtaji ukishuka 2014 na 2015 angeona hilo likija kwa miaka miwili. Na mtaji ukishachimbika kiasi hicho, haujai upesi: kwa mwaka 2024 shirika lilipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10, na bado mtaji ulibaki hasi.

Siyo kila mtaji hasi ni wa maradhi, hata hivyo. McDonald's ya Marekani imekuwa na mtaji hasi tangu mwishoni mwa 2016, na inapata faida kubwa kila mwaka. Yenyewe ilikopa na kutumia fedha hizo kununua hisa zake yenyewe kutoka kwa wanahisa. Fedha ikatoka, mtaji ukashuka. Alama ni ileile, chanzo ni tofauti. Ili ujue uko kwenye hadithi ipi, fungua ukurasa wa `Statement of changes in equity`. Huo unaonyesha mstari kwa mstari kilichoupunguza mtaji: kama ni hasara ya mwaka, au ni fedha waliyojilipa wenyewe kwa gawio na ununuzi wa hisa.

Mzee wa Singida alipata mkopo wake. Tulikubali 1.0 ya mkuu wetu baada ya mzee kusaini kwamba zile milioni 500 zitasubiri, tukataka tathmini ya kiwanja isihesabiwe kwenye sharti la mkataba, na tarehe ya kupima ikahamishwa kutoka Desemba hadi Juni. Alisoma kipengele hicho cha mwisho mara mbili, akavua miwani. "Kumbe mnajua mimi nanunua mbegu lini," akasema, akasaini.